Shajara ya mradi: Maji moto, maji baridi, na swali la vali ipi ishike kipimo kipi

Jumatatu: mtambo na swali lenyewe

Mtambo wa majaribio umekamilika. Matangi mawili yamewekwa juu na kina cha maji hakibadiliki, kwa hiyo shinikizo ni lile lile muda wote. Tangi moja lina maji ya nyuzi 60, la pili nyuzi 20. Kila tangi lina vali yake ya mota, na mikondo miwili inakutana kwenye kiungo kimoja cha bomba. Mbele kidogo ya kiungo kuna kipima mtiririko, na mita 1.5 kutoka kwenye kiungo kuna kipimajoto ndani ya ala ya chuma.

Ninachotaka ni vitu viwili kwa wakati mmoja: jumla ya mtiririko iwe lita 8 kwa dakika, na joto la mchanganyiko liwe nyuzi 50. Nina vali mbili na vipimo viwili, kwa hiyo vidhibiti viwili vya kawaida vya PI, vinavyosahihisha kwa kosa la sasa na kwa jumla ya makosa yaliyopita, vinatosha. Kinachobaki ni kuamua kipi kipewe vali ipi.

Mwenzangu aliyefunga vali hana shaka: "Kaka, joto lipe vali ya moto. Hilo halihitaji hesabu." Ni jibu ambalo karibu kila mtu angelitoa, na ndiyo sababu nataka kulipima kabla ya kulikubali. Kila vali inagusa vipimo vyote viwili. Ukifungua maji moto, joto linapanda na mtiririko unapanda pia. Ukifungua baridi, joto linashuka huku mtiririko ukipanda. Kidhibiti cha joto kikifanya kazi yake kinavuruga mtiririko, na kidhibiti cha mtiririko kikisahihisha kinavuruga joto. Wanazungushana.

Chombo cha kupima hali hii kilitolewa na Edgar Bristol mwaka 1966: jedwali la vizidisho linganishi, ambalo wengi wanalijua kwa kifupi kama RGA. Kizidisho ni badiliko la kipimo, kikishatulia, kwa kila asilimia moja ya kufungua vali. Bristol aliuliza swali moja kwa kila jozi ya vali na kipimo. Kizidisho chake ni kiasi gani vali nyingine ikiwa imetulia kabisa? Na ni kiasi gani kipimo kingine kikiwa kinashikiliwa sawasawa na kidhibiti chake? Gawanya cha kwanza kwa cha pili, unapata namba inayoitwa lamda. Ikiwa 1, kitanzi cha pili, yaani kipimo kingine pamoja na kidhibiti na vali yake, hakikugusi. Ikiwa 0.25, kizidisho chako kitaongezeka mara nne pale tu kitanzi cha pili kitakapowashwa. Ikiwa hasi, kitabadilika ishara, na kidhibiti kilichokuwa kikisahihisha kitaanza kuharibu.

Jumanne: majaribio ya hatua

Vidhibiti vyote viko kwenye mkono, yaani vali nazisogeza mwenyewe. Mtambo umetulia kwenye lita 6 za moto na 2 za baridi, jumla 8, joto nyuzi 50.0.

Nilifungua vali ya moto kwa asilimia 5 zaidi. Mtiririko ulipanda kwa lita 0.60 na joto likapanda kwa nyuzi 0.70. Nikairudisha, nikasubiri, kisha nikaifunga kwa asilimia 5 kutoka pale pale. Mtiririko ulishuka kwa lita 0.60, lakini joto lilishuka kwa nyuzi 0.81. Vali ya baridi ilifanya vivyo hivyo: kuifungua kwa asilimia 5 kulipandisha mtiririko kwa lita 0.40 na kushusha joto kwa nyuzi 1.43, na kuifunga kulipandisha joto kwa nyuzi 1.58.

Tofauti hii kati ya kupanda na kushuka haitokani na vali kulegea. Vali iliyolegea ingeonyesha tofauti kwenye mtiririko pia, na mtiririko umelingana pande zote mbili. Inatokana na maji yenyewe: joto la mchanganyiko ni wastani unaogawanywa kwa jumla ya mtiririko, na jumla hiyo ikipungua, kila tone la ziada lina uzito mkubwa zaidi. Ndiyo maana hatua zipigwe pande zote mbili na wastani uchukuliwe. Anayepiga hatua moja tu hupata kizidisho kilichoegemea upande mmoja na hana namna ya kujua.

Wastani, kwa kila asilimia moja:

```
                 vali ya moto    vali ya baridi
mtiririko            0.12             0.08
joto                 0.15            -0.30
```

Kwa mfumo wa vali mbili na vipimo viwili, lamda ni moja tu ya kukokotoa, kwa sababu kila safu na kila mstari wa jedwali lazima ujumlishe 1. K12 ni kizidisho cha mstari wa kwanza na safu ya pili hapo juu, na K nyingine vivyo hivyo:

```
lamda = 1 / (1 - (K12*K21)/(K11*K22))
      = 1 / (1 - (0.08*0.15)/(0.12*(-0.30)))
      = 1 / (1 + 0.333)
      = 0.75
```

Jedwali zima ni 0.75 kwa mtiririko na vali ya moto, 0.75 kwa joto na vali ya baridi, na 0.25 kwa jozi mbili zilizobaki. Kanuni ni kuchagua jozi zenye lamda chanya iliyo karibu zaidi na 1. Kwa hiyo jedwali linasema kinyume cha mwenzangu: vali ya moto ishike mtiririko, vali ya baridi ishike joto.

Vizidisho hivi vina vipimo mchanganyiko, lita na nyuzi, na vali mbili zina ukubwa tofauti, lakini lamda haijali. Ningepima mtiririko kwa mililita au kubadilisha vali ya moto kwa kubwa mara mbili, namba ingebaki 0.75. Mabadiliko ya aina hiyo yanafutana juu na chini ya mstari wa mgao.

Jumanne, jioni: kwa nini 0.75?

Namba ile ile niliipata kwenye karatasi bila kugusa vali. Ukiandika jumla ya mtiririko na wastani wa joto, ukatafuta vizidisho kwa lita badala ya asilimia, lita moja ya moto inapandisha joto kwa (60 − 50)/8, yaani nyuzi 1.25, na lita moja ya baridi inalishusha kwa (50 − 20)/8, yaani nyuzi 3.75. Lamda inatoka 3.75/(3.75 + 1.25), na hiyo ni 0.75. Si bahati. Ni sehemu ya maji moto ndani ya mchanganyiko: lita 6 kati ya 8.

Hapo sababu inaonekana kwa macho. Mkondo mkubwa ni wa moto, na mchanganyiko wa nyuzi 50 uko karibu na joto lake. Ukiongeza maji ya nyuzi 60 kwenye maji ya nyuzi 50, joto halisogei sana. Ukiongeza ya nyuzi 20, linaanguka. Mkondo mkubwa unafaa kushika wingi, mkondo mdogo unafaa kushika joto. Nilimwonyesha mwenzangu michoro ya hatua mbili, moja juu ya nyingine, akaiangalia kimya kisha akasema, "Sawa, lakini niwashie niione ikikataa."

Jumatano: jozi isiyofaa, kwa makusudi

Ombi lake lilikuwa la haki, kwa hiyo nilianza na jozi aliyoitaka: joto kwa vali ya moto, mtiririko kwa vali ya baridi. Nataka kuona lamda ya 0.25 ikijitokeza kwenye kalamu ya mchoro.

Kitanzi cha joto kina ucheleweshaji. Bomba lina kipenyo cha ndani cha milimita 16, kwa hiyo mita 1.5 zinabeba takriban lita 0.3, na kwa lita 8 kwa dakika maji huchukua sekunde 2.3 hivi kufika kwenye kipimajoto. Ala ya chuma inaongeza muda wa kujibu wa sekunde 6. Nilirekebisha kidhibiti kwa kanuni ya kawaida: kizidisho cha kidhibiti ni muda wa kujibu ukigawanywa kwa kizidisho cha mtambo mara ucheleweshaji maradufu. Inatoka 6/(0.15 × 4.6), yaani asilimia 8.7 kwa kila nyuzi, na muda wa kujumlisha sekunde 6. Kanuni hii huacha akiba ya takriban 3.1. Maana yake kizidisho cha mtambo kinaweza kuongezeka mara 3.1 kabla kitanzi hakijaanza kuyumba bila kukoma.

Kitanzi cha mtiririko kikiwa kwenye mkono, joto lilishikwa vizuri. Nilipandisha thamani lengwa kwa nyuzi moja, likapanda laini na kutulia. Hapo ndipo mtu angetia sahihi na kwenda nyumbani.

Kisha nikawasha kitanzi cha mtiririko. Chenyewe ni cha haraka, kinajibu ndani ya sekunde moja hivi. Mara joto likaanza kuyumba, kila wimbi kubwa kuliko lililotangulia, mpaka vali ya moto ikawa inagonga mwisho wake huku na huku. Nikarudisha mtiririko kwenye mkono, joto likatulia tena bila kuguswa.

Sababu ni hii. Mtiririko ukishikiliwa, kila lita ya moto inayoongezwa inaondoa lita moja ya baridi. Joto halipandi tena kwa nyuzi 1.25 bali kwa 1.25 + 3.75, yaani 5. Mara nne, kama lamda ya 0.25 ilivyosema, na akiba ilikuwa 3.1 tu. Kwa urekebishaji huu, jozi yoyote yenye lamda chini ya takriban 0.32 itavunjika namna hii pale kitanzi cha pili kikiwa cha haraka zaidi.

Dalili ya kukumbuka kwenye mtambo wowote: kitanzi kinachotulia peke yake na kuyumba pale tu mwenzake anapowashwa. Kukilegeza kidhibiti kutaficha yumbo, ila kitanzi kitakuwa kizito kupita kiasi mwenzake akiwa kwenye mkono.

Jozi iliyopendekezwa na jedwali ilikuwa na mabadiliko madogo. Kwa vali ya baridi, kizidisho cha joto kinatoka 3.75 kwenda 5 kitanzi cha mtiririko kikiwashwa, ongezeko la theluthi moja. Akiba inatosha na kubaki. Niliwasha na kuzima kitanzi cha pili mara kadhaa, na joto halikuonyesha zaidi ya mtikisiko wa kupita.

Alhamisi: kitenganishi cha namba mbili

Jozi nzuri inaondoa hatari ya kuyumba, haiondoi kuingiliana. Niliposhusha thamani lengwa ya mtiririko kutoka lita 8 hadi 6, vali ya moto ilifunga peke yake, na joto likazama hadi nyuzi 48.2 kabla vali ya baridi haijalirudisha. Kwa mchakato unaojali joto, hiyo ni nyingi.

Kitenganishi ni njia ya kuziambia vali zisogee pamoja. Kidhibiti cha mtiririko kikiagiza vali ya moto, sehemu ya agizo hilo ipelekwe pia kwa vali ya baridi, kwa kiasi ambacho joto halitasikia. Kiasi hicho ni −K21/K22, yaani 0.5. Upande wa pili, kidhibiti cha joto kikifungua baridi, vali ya moto ifungwe kwa K12/K11, yaani 0.667, ili jumla isiguswe.

Kwa lita mambo ni wazi zaidi: ukitaka maji zaidi, ongeza moja ya baridi kwa kila tatu za moto, kwa sababu mchanganyiko wa nyuzi 50 ni tatu kwa moja. Ukitaka kubadilisha joto, toa lita moja hapa na uweke lita moja pale.

Baada ya kuweka kitenganishi ni lazima vidhibiti virekebishwe upya, na jambo hili hurukwa mara nyingi. Kila kitanzi sasa kina kizidisho chake cha zamani kilichogawanywa kwa lamda, hata kama kitanzi cha pili kiko kwenye mkono. Ongezeko la theluthi moja lililokuwa likija na kuondoka sasa ni la kudumu. Niligawanya vizidisho vya vidhibiti kwa 1.33.

Jaribio la kutoka lita 8 hadi 6 lilibaki na mtikisiko mdogo tu, karibu nyuzi 0.3. Nao una sababu: mota ya vali ya baridi ni ya haraka kuliko ya moto, kwa hiyo kwa kitambo kidogo uwiano si tatu kwa moja. Nililichelewesha agizo la baridi kwa kichujio cha sekunde moja, na mtikisiko ukazama ndani ya kelele ya kipimajoto. Ucheleweshaji wa bomba haukunisumbua hapa, kwa sababu mikondo yote miwili hukutana kwenye kiungo kimoja na husafiri pamoja hadi kwenye kipimajoto.

Niliangalia pia kama kitenganishi hiki ni dhaifu mbele ya makosa ya upimaji. Kanuni inasema jedwali la vizidisho hupoteza uwezo wa kugeuzwa pale kizidisho kimoja kinapobadilika kwa sehemu ya −1/lamda. Kwa lamda ya 0.75 hiyo ni zaidi ya asilimia 130: kizidisho kingelazimika kubadilika ishara, na maji hayafanyi hivyo. Hali ni tofauti kabisa kwa minara ya kukenekea yenye usafi mkubwa, ambako lamda ya 20 au zaidi si ajabu. Huko kosa la asilimia 5 kwenye kizidisho kimoja linatosha kukifanya kitenganishi kuwa hatari, na ni busara kutokitumia.

Ijumaa: nyuzi 30, na kila kitu kinageuka

Mtambo huu utatakiwa kutoa nyuzi 30 pia. Kwa nyuzi 30 mchanganyiko ni lita 2 za moto na 6 za baridi. Sehemu ya moto ni 0.25, kwa hiyo lamda ya jozi ninayotumia imeshuka kutoka 0.75 hadi 0.25. Ile jozi iliyokataa Jumatano ndiyo inayofaa sasa. Katikati, kwenye nyuzi 40, lamda ni 0.5 kwa jozi zote mbili, na jedwali halina la kusema.

Nilishuka hadi nyuzi 30 nikiwa na kitenganishi cha Alhamisi bila kukibadilisha. Nusu yake ilisimama imara. Agizo la joto halikugusa mtiririko, kwa sababu lita moja kwa lita moja ni kweli kwenye joto lolote. Nusu ya pili ilianguka. Uwiano wa tatu za moto kwa moja ya baridi ni wa nyuzi 50. Kwenye nyuzi 30 unatakiwa kuwa moja kwa tatu. Nilipotoka lita 8 hadi 6, joto lilizama hadi karibu na nyuzi 26.5. Halikuyumba, maana athari ilikwenda upande mmoja tu, lakini hicho si kitenganishi tena.

Ningeweza kuweka jedwali la namba kwa kila joto. Sikuona sababu, kwa kuwa sheria ya mchanganyiko naijua. Badala ya kuagiza vali, vidhibiti viagize vitu viwili vingine: jumla ya mtiririko, na sehemu ya moto, x. Joto ni 20 + 40x, wala jumla haimo ndani yake. Jumla haina x ndani yake. Kwa maagizo haya mapya lamda ni 1 kwenye nyuzi 30, 40 na 50 sawia.

```python
def gawa(jumla, x):
    x = min(max(x, 0.05), 0.95)
    jumla = min(jumla, 7.0 / x, 7.0 / (1 - x))
    moto = jumla * x
    baridi = jumla * (1 - x)
    return moto, baridi
```

Lita hubadilishwa kuwa asilimia za vali kwa jedwali nililolipima kwa kila vali peke yake. Jedwali hilo likiwa na kosa kidogo, uwiano nao unakosea kidogo na joto linasikia, lakini kosa halikui kwa sababu vidhibiti bado vinasahihisha juu yake.

Jumatatu iliyofuata: pale vali inapoishia

Mstari unaokata jumla kwenye msimbo huo umewekwa kwa sababu maalumu. Kila vali inapitisha lita 7 tu. Niliomba lita 10 kwa nyuzi 50, ambazo zinahitaji lita 7.5 za moto. Bila kikomo, kidhibiti cha mtiririko kinaona lita zimepungua na kuendelea kupandisha jumla. Vali ya moto haiwezi kufuata, ya baridi inafuata, joto linashuka, kidhibiti cha joto kinapandisha x, na wote wawili wanaendelea kujumlisha deni ambalo vali haiwezi kulilipa. Kitenganishi chochote kinakoma kutenganisha pale vali moja inapogonga mwisho, kwa sababu mtambo umebaki na mkono mmoja na hauwezi kushika vipimo viwili.

Lazima kimoja kiachiwe, na nimechagua kuachia mtiririko. Jumla inakatwa kuwa 7/0.75, yaani lita 9.33, joto linabaki nyuzi 50, na kidhibiti cha mtiririko kinaarifiwa kisimamishe sehemu yake ya kujumlisha wakati wote kikomo kinapofanya kazi. Niliporudisha ombi hadi lita 8, kilitoka kwenye kikomo mara moja, bila kuchelewa kulipa deni.

Jaribio la kutoka lita 8 hadi 6 limerudiwa kwenye nyuzi 30, 40 na 50 kwa mpangilio huu, na kwenye zote tatu joto halikusogea zaidi ya nyuzi 0.4. Kilichobaki ni ucheleweshaji wa bomba. Kwa lita 4 kwa dakika unafika sekunde 4.5, na lamda haikuweza kunionya kuhusu hilo kwa sababu inatazama mtambo ukiwa umetulia. Kidhibiti cha joto sasa kimerekebishwa kwa lita 4, kwa hiyo ni kizito kidogo kwa lita 8. Hatua inayofuata ni kukifanya kizidisho chake kifuate mtiririko unaopimwa, na kuweka kipimajoto cha pili kwenye tangi la moto, ili lile 40 kwenye hesabu ya joto lisibaki namba ya kudumu wakati tangi linapopoa.